Hati ya makubaliano kati ya idara mbili: anzeni pale mnapopokezana kazi

Ndugu washiriki, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie uandishi wa hati ya makubaliano kati ya idara mbili za taasisi moja. Ningeweza kupita kifungu kwa kifungu, lakini naona ni heri tushike mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mfano wenyewe ni Idara ya Rasilimali Watu na Idara ya Tehama, na jambo wanaloandikiana ni kufunga akaunti za watumishi wanaoondoka. Ni kazi inayoonekana ndogo. Ila mtumishi aliyeondoka miezi mitatu iliyopita akiwa bado anasoma barua pepe za ofisi, kila idara inanyoosha kidole kwa mwenzake.

Kabla ya kushika kalamu kuna jambo moja la kisheria tulielewe, kwa sababu ndilo linaloamua hati iandikwe vipi. Mkataba unahitaji watu wawili mbele ya sheria. Taasisi mbili tofauti zikiandikiana, hata kama karatasi imeitwa hati ya makubaliano, mahakama inaweza kuangalia maneno yaliyomo na nia ya wahusika, ikasema huu ni mkataba unaowabana. Jina lililoandikwa juu halitoshi kuwalinda. Lakini idara mbili za taasisi moja ni viungo vya mtu yuleyule. Rasilimali Watu haiwezi kuishtaki Tehama, wala Tehama haiwezi kudai fidia kwa Rasilimali Watu. Kwa hiyo yale maneno makali yanayonakiliwa kutoka kwenye mikataba ya zabuni, ya adhabu na fidia na mamlaka ya mahakama, yatoeni. Hayana meno hapa. Meno ya hati yenu yako sehemu mbili tu: majukumu yaliyoandikwa kiasi kwamba asiyetimiza anaonekana, na kifungu cha tofauti kinachompeleka mtu mbele ya bosi mwenye uwezo wa kuamua.

Sasa majukumu. Rasimu nyingi huanza hivi: "Idara hizi mbili zitashirikiana kuhakikisha akaunti za watumishi wanaoondoka zinafungwa kwa wakati." Sentensi hii kila mtu huisaini bila kusita, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba ina kasoro. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ulizeni: nani anaanza? Anaanza kwa kufanya nini? Mwenzake anajuaje kwamba zamu yake imefika? Na "kwa wakati" ni saa ngapi?

Njia ninayoipendekeza ni kutafuta kwanza mahali kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, mkaandikia hapo. Ndani ya idara yenyewe kazi huwa na mwenyewe; mkuu wake anamjua na anamfuata. Inapotea njiani, katikati ya idara na idara. Katika mfano wetu makabidhiano ni mawili: taarifa inatoka Rasilimali Watu kwenda Tehama, na uthibitisho unarudi. Basi kifungu kinakuwa hivi:

"Afisa utumishi atawasilisha fomu ya kuondoka kwenye dawati la huduma la Tehama si chini ya siku 3 za kazi kabla ya siku ya kuondoka. Msimamizi wa mifumo atasimamisha akaunti zote za mtumishi ifikapo saa 11 jioni ya siku hiyo, na kurudisha fomu ikiwa imesainiwa siku ya kazi inayofuata."

Angalieni kwamba kila kitenzi kina mtendaji mmoja, na mtendaji ni cheo. Msiandike jina la mtu. Akihamishwa, hati inabaki yatima. Pia kila tendo linaacha alama ambayo mtu wa tatu anaweza kuiona: fomu, tarehe, saini.

Halafu andikeni siku ambayo mambo hayaendi kama yalivyopangwa, kwa sababu hati husomwa siku hiyo. Fomu ikichelewa, je? "Fomu iliyochelewa itashughulikiwa ndani ya saa 4 za kazi tangu kupokelewa, na ucheleweshaji utaandikwa kwenye daftari la maombi." Mtumishi akisimamishwa kazi ghafla, hakuna anayesubiri siku 3: mkuu wa Rasilimali Watu anapiga simu, akaunti inasimamishwa ndani ya saa 1, na fomu inafuata siku hiyohiyo. Sentensi mbili tu, na mmeziba matundu mawili makubwa.

Kuna mtego mmoja ambao hata waandishi wazoefu huuingia. Kompyuta mpakato aliyopewa mtumishi inakusanywa na nani? Rasimu itasema, "Mkuu wa kitengo cha mtumishi atakusanya vifaa." Vizuri, lakini mkuu huyo hakusaini. Hati haimfungi mtu ambaye si mshiriki. Mnaweza kumwandikia majukumu kurasa kumi, hana habari nayo. Dawa ni kutafuta kitu ambacho kiko mikononi mwa mmoja wenu. Rasilimali Watu ndiyo inayotoa cheti cha kumaliza utumishi. Basi andikeni: "Cheti hakitatolewa kabla ya Tehama kusaini kwamba imepokea vifaa." Mtumishi mwenyewe atavileta. Ila hakikisheni kwanza kwamba kanuni za utumishi za taasisi yenu, na sheria za kazi, zinaruhusu cheti kisubiri. Hati ya idara haiwezi kuzipiku kanuni zilizo juu yake.

Kuhusu muda nitasema machache. Wekeni tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha zote mbili, kwa mfano miaka 2, na mapitio miezi 12 ikitimia. Ile lugha ya "itajihuisha yenyewe" siipendi: baada ya miaka sita mnajikuta mnafuata hati ambayo mifumo inayotajwa humo ilishaondolewa. Idara inayotaka kujitoa itoe taarifa ya maandishi ya siku 60. Na andikeni maombi yaliyo njiani yatakwenda wapi hati ikikoma: fomu iliyopokelewa kabla ya tarehe ya mwisho itakamilishwa kwa masharti yaleyale. Mabadiliko yoyote yawe kwa maandishi na yasainiwe na wakuu wote wawili, kwa sababu makubaliano ya kwenye korido hufa pamoja na uhamisho wa mmoja wao.

Nikae zaidi kwenye tofauti, kwa sababu hapa ndipo hati nyingi huandika mstari mmoja: "Tofauti zitatatuliwa kwa mazungumzo." Mazungumzo ya nani, mpaka lini, na wakishindwa?

Chukueni kisa hiki. Karani wa manunuzi ametoa notisi ya kuacha kazi. Ajira yake inaisha tarehe 30. Ana siku za likizo alizobakiza, kwa hiyo anaonekana ofisini mara ya mwisho tarehe 15. Tehama inasema siku ya kuondoka ni tarehe 15, kwa maana mtu asiye kazini hana sababu ya kuingia kwenye mfumo wa manunuzi. Rasilimali Watu inasema ni tarehe 30, kwa maana bado ni mtumishi, na anahitaji kuona hati yake ya mshahara mtandaoni. Wote wana hoja. Kosa ni la hati: ilitaja "siku ya kuondoka" bila kuifafanua.

Kifungu kizuri kingewafanyia nini? Kwanza, tofauti ianze rasmi kwa notisi ya maandishi, hata barua pepe ya mistari mitatu, inayotaja kifungu kinachobishaniwa. Bila tarehe ya kuanza, siku zozote mtakazoandika hazihesabiki. Kisha waratibu wawili, mmoja kutoka kila idara, wawe na siku 5 za kazi. Wakishindwa, wakuu wa idara wawe na siku 10. Wakishindwa nao, jambo lipande kwa kiongozi wa kwanza aliye juu ya idara zote mbili. Mtafuteni kwenye muundo wa taasisi kabla hamjaandika. Idara hizi zikiwa chini ya manaibu wawili tofauti, huyo si naibu yeyote kati yao. Pandeni mpaka mistari ikutane, na mkitaje cheo hicho kwenye hati.

Lakini hesabuni siku hizo. Karani wetu atakuwa ameshaondoka kabla ngazi hazijaisha. Kwa hiyo kifungu kinachohitajika kuliko vyote ni kile cha wakati wa kusubiri: kazi inaendeleaje huku mkibishana? Kanuni ninayoitumia ni kwamba wakati wa ubishi lifanyike lile linaloweza kurudishwa nyuma. Akaunti iliyosimamishwa inafunguliwa kwa dakika chache. Akaunti iliyofutwa pamoja na barua zake huenda isirudi kabisa. Vivyo hivyo, nyaraka zilizokwisha kutoka nje hazirudi. Kwa hiyo: "Tofauti ikiwa haijaamuliwa, akaunti husika itasimamishwa bila kufutwa, isipokuwa huduma ya kuona hati ya mshahara itakayobaki wazi." Kila idara imepata kile ilichokihitaji hasa, na waratibu wana nafasi ya kukaa wakafafanua neno lililoleta ubishi, likaingia kwenye marekebisho.

Rasimu ikikamilika, msiipeleke moja kwa moja kwa wakuu wasaini. Chukueni matukio matatu ya kweli ya miezi ya karibuni, likiwamo moja lililoleta malumbano. Mpeni afisa utumishi na msimamizi wa mifumo, kila mmoja peke yake, nakala ya rasimu, mkawaulize: kwa mujibu wa karatasi hii, ungefanya nini, siku gani? Majibu yao yakitofautiana, mmepata kifungu cha kurekebisha. Wakianza kusema "kwa kawaida sisi huwa…", mmepata kitu ambacho kinafanyika lakini hakijaandikwa.

Kuna ndugu pale nyuma ameuliza: kiongozi wa juu akikaa na jambo asiamue? Swali zuri, na jibu lake lina mpaka. Mnaweza kumwekea siku 10 za kazi kwenye hati, lakini hakusaini, kwa hiyo haimfungi. Ni ule mtego wa mkuu wa kitengo tena. Mnachoweza kufanya ni kumwonyesha rasimu mapema na kumwomba aiidhinishe kwa saini yake chini ya zenu. Akikataa, mmejua kabla ya kuanza kwamba ngazi ya tatu haipo, na ile kanuni ya wakati wa kusubiri ndiyo itakayotumika kwa muda mrefu. Basi iandikeni kwa uangalifu unaolingana na hilo.