Akrilamaidi kwenye kahawa: hiyo kansa inatoka wapi?

Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Naona wengi mna vikombe mkononi na kuna mama pale amekiweka chini aliposikia mada, mama kirudishe tu, tutaongea taratibu.

Ile meseji ya kwenye magrupu nadhani kila mtu kaiona, kwamba kahawa iliyokaangwa ina kemikali ya kansa, inaitwa akrilamaidi, iko hata kwenye plastiki. Sasa tatizo la ile meseji ni kwamba kila neno lake ukilichukua peke yake ni kweli, ila ukiyaunga pamoja ndo unapata kitu ambacho risachi haijasema.

Stori inaanza na ng'ombe. Mwaka 1997 kusini mwa Sweden kulikuwa na mradi wa kuchimba handaki la reli, mahali panaitwa Hallandsås, maji yakawa yanavuja mno, mafundi wakaziba nyufa kwa dawa yenye akrilamaidi. Dawa haikukauka vizuri ikaingia kwenye maji, samaki wakafa, ng'ombe wakaanza kupooza miguu. Wafanyakazi wakapimwa damu, maana akrilamaidi hujishika kwenye himoglobini na kuacha alama ambayo maabara inaisoma. Na kama kawaida ukipima walioathirika unapima na watu wa kawaida wasiohusika ili ulinganishe. Hapo ndo wakashangaa, watu wa kawaida ambao hata handaki hawajaliona nao alama wanazo. Zinatoka wapi? Walifuatilia mpaka wakafika jikoni, na Aprili 2002 Wasweden wakatangaza kwamba akrilamaidi inajitengeneza yenyewe kwenye chakula cha wanga kinachokaangwa au kuokwa, chipsi, mkate, biskuti, na ndiyo, kahawa nayo ikakutwa nayo ingawa sio chakula cha wanga.

Kwa hiyo hakuna mtu anayeiweka. Ndani ya buni kuna kitu kinaitwa asparajini, ni kijenzi cha protini, na kuna sukari za asili. Joto likipita kama nyuzi 120 hivi vinakutana, ni ule ule mchakato unaoipa kahawa rangi na harufu, na pembeni yake ndo akrilamaidi inazaliwa. Huwezi kuchukua harufu ukaacha hiyo.

Hapa kuna kitu huwa watu wanabisha. Mnadhani kahawa nyeusi iliyokaangwa sana ndo ina akrilamaidi nyingi? Ni kinyume. Inapanda haraka mwanzoni mwa kukaanga, inafika kilele buni bado ina rangi ya hudhurungi, halafu joto likiendelea lile lile lililoitengeneza linaanza kuivunja. Kahawa iliyokaangwa kidogo kwa hiyo huwa nayo zaidi kuliko ile nyeusi, na robasta huwa nayo zaidi kidogo kuliko arabika kwa sababu asparajini yake ni nyingi zaidi. (Ndugu zangu wa Bukoba msinikasirikie, tofauti sio ya kugombania.) Ila msiende nyumbani mkaunguze buni mpaka mkaa eti mnakimbia kansa, maana kuunguza kunaleta vitu vingine na kahawa yenyewe hainyweki.

Sasa kiasi. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilikusanya vipimo vingi, wastani wa kahawa iliyokaangwa ukatoka maikrogramu 249 kwa kilo ya unga. Ya papo hapo, ile ya kijiko kwenye maji moto, 710 kwa kilo, inatisha ukiisoma hivyo, ila kikombe chake kinachukua gramu 2 tu, kwa hiyo kikombe kwa kikombe haizidi. Tuchukue unga wa gramu 10 kwa kikombe. Kilo ina 249, gramu 10 ina kama 2.5, na karibu yote inaingia kwenye maji ya kikombe. Vikombe vitatu kwa siku, maikrogramu 7.5. Maikrogramu ni gramu moja uigawe mara milioni, hata ukiwekewa mezani huioni.

Sawa, 7.5 ni nyingi au kidogo? Hapa ndo watu wanapotengana na nawaomba tuende pole pole.

EFSA walichukua majaribio ya panya wakatafuta dozi ambayo uvimbe unaongezeka kama asilimia 10, wakachukua makadirio ya chini kabisa ya hiyo dozi ili wawe upande wa tahadhari, ikawa miligramu 0.17 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 hiyo ni maikrogramu 10,200. Gawa kwa 2.5, unapata vikombe kama 4,000 kwa siku. Mtu akisikia hapo anacheka anasema basi bwana yaishe. Hapana, haijaisha. Kwa kitu kinachoweza kuharibu vinasaba hawaridhiki mpaka kile unachokula kiwe kidogo mara 10,000 kuliko ile dozi ya panya. Wetu wa vikombe vitatu yuko mara 1,360 tu, na bado hajala chipsi wala mkate. Ndo maana EFSA waliandika kwamba akrilamaidi kwenye chakula kwa ujumla inatia wasiwasi, hawakusema kahawa ni salama kama maji. Anayekwambia wanasayansi wamesema hamna shida kabisa naye anakudanganya, kama tu yule wa meseji.

Lakini angalia na ile dozi imetoka wapi. Uvimbe waliouhesabu kufikia 0.17 ulikuwa kwenye tezi moja ya nyuma ya jicho la panya, inaitwa tezi ya Harder, na binadamu hatuna hiyo tezi. Walijua, wakaitumia hivyo hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote kuonyesha athari. Ni uzio uliowekwa mbali na shimo. Pia panya anaibadilisha akrilamaidi kuwa glisidamaidi, ambayo ndo yenyewe inashambulia vinasaba, kwa kiwango kikubwa kuliko sisi.

Haya twende kwa binadamu. Uholanzi walifuatilia wanawake zaidi ya 62,000 kwa miaka 11, majibu yakatoka 2007, na kati ya wale ambao hawajawahi kuvuta sigara, waliokula akrilamaidi nyingi zaidi walionekana kupata kansa ya mfuko wa uzazi na ya ovari karibu mara mbili ya waliokula kidogo zaidi. Hiyo ndo risachi inayopendwa na magazeti. Tafiti nyingine zikafuata, na 2015 zikajumlishwa pamoja: kwa kansa nyingi hakuna uhusiano, ile dalili kwa wasiovuta ikabaki lakini imenywea, badala ya mara mbili ikawa ongezeko la asilimia 23 kwa mfuko wa uzazi na 39 kwa ovari. Na kumbuka hawa watu waliulizwa kwa dodoso wanakula nini, hebu wewe niambie wiki iliyopita ulikula chipsi ngapi na zilikaangwa rangi gani.

Ila kinachonifurahisha mimi ni hiki. Mfuko wa uzazi huo huo, ukiacha kuuliza habari ya akrilamaidi ukauliza habari ya kahawa yenyewe, wanywaji wa kahawa wanaonekana kuipata kansa hiyo KIDOGO kuliko wasiokunywa. Ini pia hivyo hivyo. Haya ni maswali mawili tofauti jamani. Akrilamaidi ikimwagwa kwenye maji ya panya ni swali moja, kikombe kizima chenye vitu mamia kwa mamia ndani yake, kikinywewa na mtu miaka 30, ni swali lingine, na jibu la la kwanza haliwezi kuvaa nguo za la pili.

Ndo maana IARC, lile shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, wana majibu mawili na watu wanadhani wamejichanganya. Akrilamaidi waliiweka kundi 2A mwaka 1994, yaani huenda inasababisha kansa kwa binadamu, na hilo kundi linasema tu kama kitu kinaweza, halisemi kwa kiasi gani. Kahawa walikuwa wameiweka 2B mwaka 1991 kwa sababu ya kansa ya kibofu, halafu Juni 2016 wakapitia tafiti zaidi ya 1,000 wakaitoa, wakaiweka kundi la 3, ushahidi hautoshi kuishtaki. Ile ya kibofu ilikuwaje? Sigara. Zamani mnywaji mzuri wa kahawa mara nyingi alikuwa mvutaji, nendeni kijiweni chochote mtaona, na kuwatenganisha hawa wawili kwenye hesabu ilikuwa kazi. Na sigara yenyewe ina akrilamaidi kibao, zile alama za kwenye damu mvutaji anazo mara kadhaa ya asiyevuta. Mtu amewasha sigara huku ananiuliza kama kikombe kitamuua, nakosa hata pa kuanzia.

Kuna kaka ameuliza habari ya Kalifonia, kwamba mahakama ilisema kahawa ina kansa. Haikusema hivyo. Sheria yao inataka onyo kwenye kitu chenye kemikali iliyoko kwenye orodha, kiwango chao ni maikrogramu 0.2 kwa siku, kikombe kimoja kimeshapita mara 12. Kampuni ndo zilitakiwa zijitetee, Machi 2018 jaji akasema Starbucks na wenzake hawajathibitisha utetezi wao. Kikombe hakikupimwa kama kinaua, kilichopimwa ni hoja za mawakili. Mwaka uliofuata jimbo lenyewe likatoa kanuni kwamba kahawa haihitaji onyo.

Na swali la mama wa kikombe, eti basi aogope nini. Mama, ripoti ile ile ya 2016 iliyoisafisha kahawa ilishtaki kitu kingine na magrupu hayakukituma: kinywaji chochote cha moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kundi 2A, kwa kansa ya koo la chakula. Hata kama ni maji matupu. Na hii ni ya kwetu kabisa, kansa ya koo imejaa kwenye ukanda wetu huu, magharibi ya Kenya mpaka Kilimanjaro. Kilimanjaro watafiti walipima chai pale watu wanapoanza kunywa, wastani ukapita nyuzi 70, na magharibi ya Kenya wanaokunywa ya moto sana walikutwa zaidi upande wa wagonjwa. Kwa hiyo hicho kikombe chako usikimwage, kiache hapo dakika tano sita, kama hukishiki vizuri mkononi bila kitambaa bado hakijafika.

Naona kuna mkono kule nyuma, eti kuhifadhi kunapunguza? Ndiyo, akrilamaidi kwenye unga wa kahawa hushuka yenyewe miezi ikipita, ila na harufu inaondoka nayo, kwa hiyo mimi kopo langu huwa halimalizi mwezi.