Mtungi na Mnara

NEEMA: Mushi, swali la msikilizaji wetu: shayiri ile ile, hamira ile ile, iweje mtambo ubadilishe ladha ya wiski?

MUSHI: Twende Uskoti, kwenye mtungi wa shaba. Unamimina pombe ya shayiri, kilevi asilimia 8 hivi, unachemsha. Mvuke unapanda shingoni, unapozwa, unapata kitu cha asilimia 20 na ushee. Hicho unakipika tena kwenye mtungi wa pili, na hapo ndipo ufundi ulipo.

NEEMA: Kukata kichwa na mkia.

MUSHI: Ee. Kichwa kinatangulia, kinanuka kama gundi. Fundi anakizimua kwa maji mpaka asilimia 45 na kitu, halafu anakitazama. Kikifanya ukungu, bado. Ni mafuta ya mkia wa mzigo uliopita, yaliyobaki kwenye bomba. Kikitakata, anageuza bomba apokee moyo, yaani sehemu inayowekwa iwe wiski, unaoanzia karibu asilimia 70. Baadaye inakuja harufu ya ngozi iliyolowa: huo mkia, anageuza tena. Kichwa na mkia vinarudishwa kwenye mzigo unaofuata.

NEEMA: Akichelewa kugeuza?

MUSHI: Wiski inakuwa nzito. Ila wa kisiwa cha Islay huchelewa makusudi, maana harufu ya moshi wa mboji waliokaushia shayiri huja mwishoni.

NEEMA: Sasa mtambo wa pili, mnara.

MUSHI: Aeneas Coffey, ofisa wa ushuru wa zamani kule Ayalandi, alipata hataza ya mnara wake mwaka 1830. Ndani kuna sahani zenye matundu, moja juu ya nyingine. Pombe inateremka, mvuke wa moto unapanda na kuizuia isivuje matunduni. Kila sahani mvuke unapoa kidogo, unakuwa maji, unachemka upya.

NEEMA: Yaani kila sahani ni kamtungi kadogo!

MUSHI: Umeipata. Mtungi unapika mara mbili, mnara unapika mara nyingi kwa mpigo, mchana na usiku bila kusimama. Unafika asilimia 94. Lakini huko juu vile vitu vizito vyenye ladha havifiki, vimebaki sahani za chini. Waayalandi wengi waliukataa, wakasema kinywaji hakina ladha.

NEEMA: Kwa hiyo mnara ni wa vodka tu?

MUSHI: Hapo watu wanakosea. Bourbon, ile wiski ya Marekani, nyingi inatoka mnarani, na ina ladha tele. Sheria yao inakataza kuvuka asilimia 80, na wengi wanaishia chini ya hapo. Sahani chache, ladha inabaki.

NEEMA: Na shaba? Chuma cha pua si rahisi zaidi?

MUSHI: Rahisi kusafisha, ndiyo. Ila shaba inakamata salfa. Mnara wa chuma mtupu unaweza kukupa wiski inayonuka kabeji iliyochemshwa, ndiyo maana wengi hupachika vipande vya shaba mle mvuke unamopita.