Neno lenye maana mbili kwenye bima: linamwangukia nani?

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo sifundishi bima yote, nachukua kitu kimoja tu. Maneno ya mkataba wa bima yakiwa hayaeleweki vizuri, mahakama kwa kawaida inachagua ile maana inayomuumiza aliyeyaandika, yaani kampuni. Maana wewe ulipoenda kukata bima hukukaa na mtu mezani mkapanga maneno, ulipewa makaratasi yameshachapwa ukasaini ukaondoka na stika yako, sasa aliyeshika kalamu ndiye alikuwa na nafasi ya kuandika ikaeleweka, akiboronga abebe mwenyewe.

Kesi ninayoipenda ni ya Uingereza, mwaka 1953, Houghton dhidi ya kampuni ya bima ya Trafalgar. Na msiniulize Uingereza inatuhusu nini, sheria yetu ya mikataba, Tanzania na Kenya, imetoka huko, kesi zao haziwabani majaji wetu ila mawakili wanazitaja kila siku.

Jamaa alikuwa na gari ndogo ya watu watano, siku ya ajali ndani walikuwemo sita. (Naona mnacheka, najua Probox zenu zinabebaje.) Akadai kampuni ilipe gari, kampuni ikagoma ikaonyesha kipengele kinachosema haitalipa kama gari ilikuwa imebeba mzigo unaozidi ule iliotengenezewa. Hoja yao: mtu wa sita ndiye mzigo uliozidi. Mahakama ya Rufani ikawakatalia. Majaji waliona kipengele hicho kinaongelea gari kama lori au pikapu, ambazo zina kiwango cha uzito kinachojulikana, tani kadhaa na usizidishe, siyo abiria waliobanana kwenye gari ya familia. Na hata kama kungekuwa na utata, maneno ni ya kampuni, basi utata unamfaidi mteja. Kama walitaka kukataa abiria wa ziada si wangeandika "abiria" tu? Neno lenyewe lipo, halina gharama.

Ila sasa msitoke hapa mkidhani kila kipengele kigumu ni ushindi. Kuna kesi ya zamani, 1889, inaitwa Cornish. Mtu alikuwa na bima ya ajali, akavuka reli akagongwa na treni akafa, na bima ilisema hailipi mtu akijiweka kwenye hatari iliyo wazi. Familia haikupata kitu. Jaji alikubali kabisa kwamba mashaka ya kweli yanasomwa dhidi ya kampuni, lakini akasema hapa mashaka hayapo, kuvuka njia kuu ya treni mahali ambapo ungeiona inakuja kama ungeangalia, hiyo ni hatari iliyo wazi kwa lugha yoyote. Yaani kanuni ni ileile na bado mdai alishindwa.

Kwa hiyo mahakama haianzii kwenye hii kanuni. Inaanza na maana ya kawaida ya maneno, inaangalia na vipengele vya jirani, na ikishindwa kuchagua kati ya maana mbili ambazo zote zinaingia akilini ndo inaegemea kwako. Maana ya kulazimisha haihesabiki. Na kama maneno yaliandikwa na broka wako kwa niaba yako, kama wateja wakubwa wanavyofanya, hapo ujue kibao kinaweza kugeuka, maana mwandishi ni wa upande wako.

Tuchukue mfano wa kutunga. Una gari ya watu watano, bima kubwa, mlikuwa saba, umegonga mti, umeletewa barua ya kukataliwa imeandikwa "gari lilizidisha". Usibishane kwa simu, omba kwa maandishi wakutajie kipengele namba fulani, neno kwa neno, halafu tafuta mkataba wenyewe siyo stika. Ukikuta "mzigo", hoja yako ni ya Houghton, andika: neno hili kwenye gari ndogo linaweza kumaanisha uzito wa bidhaa, na wao wakidai kwamba linawahusu hata abiria ni kazi yao kuthibitisha. Ukikuta "idadi ya watu inayozidi viti vilivyoandikwa kwenye kadi ya gari", hapo hii kanuni sahau, hakuna utata. Kampuni nyingine zinaandika hivyo, hawa watu nao wanasoma kesi.

Kuna dada ameuliza kuhusu mpita njia aliyegongwa na hiyo hiyo gari ya watu saba. Huyo hahitaji hata kubishania neno. Kenya, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inasema kipengele cha idadi ya watu waliobebwa hakifanyi kazi dhidi ya mtu wa tatu kwenye bima ile ya lazima, kampuni inamlipa, halafu ndo inaweza kukugeukia wewe mwenye gari ikudai hela yake.