Ufunguo wa DKIM wenye kupita 255: kuukata bila kuuharibu

(Mhadhara kwa wasimamizi wa serveri za imeli, Goma)

Jambo wandugu. Wengi wenu hapa munasimamia imeli za shirika, za shule, za maduka, na ile hali munaijua: barua inatoka vizuri, lakini kwa mwenye kupokea inaingia spam. Unafungua kichwa chote cha barua, unatafuta dkim=pass, haiko. Basi mtu anaanza kusumbua serveri, anabadilisha hiki, anawasha kile, kumbe serveri inasaini muzuri kabisa, shida iko kwenye DNS, kwenye rekodi ya TXT yenye kubeba ufunguo wa wazi.

Sababu ni hii. Maandishi ya TXT yanasafiri kwa vipande, na mbele ya kila kipande kuko baiti moja yenye kusema urefu wake. Baiti moja haiwezi kuhesabu kupita 255, ni vile tangu RFC 1035 ya mwaka 1987. Lakini rekodi yenyewe inaruhusiwa kubeba vipande vingi, na hapo njo tunapitia.

Tuhesabu pamoja. Ufunguo wa RSA wa biti 1024, ukiuandika kwa base64, unatoa herufi 216. Mbele yake tunaweka `v=DKIM1; k=rsa; p=`, hizo ni 18, jumla 234, inaingia yote, njo maana zamani hakuna mtu alisumbuka. Ufunguo wa biti 2048 unatoa herufi 392, ongeza 18, unafika 410. Hapo kipande kimoja hakitoshi. Kuna wenye kushauri turudi tu kwa 1024 ili iingie, mimi nakataa: RFC 8301 ya 2018 inashauri kusaini na 2048 kwenda juu, na kukata maandishi ni kazi ya dakika moja.

Kwenye faili ya zoni tunaandika hivi (nimefupisha):

```
mail._domainkey IN TXT ( "v=DKIM1; k=rsa; p=MIIBIjANBgkqh..."
                         "...wIDAQAB" )
```

Muangalie vizuri: jina moja, TXT moja, mabano moja, ndani vipande viwili kila kimoja na alama zake za nukuu. Ukate wapi? Popote, bora kila kipande kisipite 255. Mimi nakata karibu na 200 ili nisihesabu herufi ya mwisho. Mwenye kupokea barua anaunganisha vipande bila kuweka nafasi katikati, RFC 6376 inasema wazi. Na musisahau zile alama za nukuu, juu kwenye faili ya zoni nukta-mkato bila nukuu inaanzisha maelezo, kila kitu nyuma yake kinapotea.

Kosa lenye naona sana ni mtu kufanya rekodi mbili za TXT kwa jina lile lile, nusu huku nusu kule. Hiyo hapana. DNS haiahidi rekodi gani itatangulia, na DKIM inataka rekodi moja tu kwa selekta moja. Vipande ndani ya rekodi moja vinabaki na mpangilio wao, rekodi mbili hazina.

Kosa la pili linatoka kwa paneli za kukodi domeni. Zingine zinakata zenyewe, unabandika mstari wote bila nukuu. Zingine zinataka ukate wewe. Na kuna zingine zinameza 255 za kwanza na kutupa zingine bila kusema kitu. Sasa usiamini kile paneli inaonyesha, uliza DNS yenyewe:

```
dig +short TXT mail._domainkey.example.org \
 | tr -d '" \\' | sed 's/.*p=//' | base64 -d \
 | openssl pkey -pubin -inform DER -noout -text
```

Hii inatoa nukuu na nafasi, inaunganisha vipande, inajaribu kusoma ufunguo. Ukiona `2048 bit`, ufunguo umefika muzima. Ikikataa, rudia dig peke yake uangalie mwisho: ufunguo wa RSA wa kawaida unamalizika na `IDAQAB`. Kama mwisho ni herufi zingine, uhesabu. Ukipata 255 kamili, paneli ilikata: toa zile 18, zinabaki 237 za ufunguo, na 237 haigawanyiki kwa 4, njo maana base64 inalalamika. Ukiona `\"` ndani ya maandishi, paneli iliongeza nukuu zake juu ya zako, toa zako.

Kitu kimoja tena kwa wenye kukata SPF ndefu vilevile. Kwa DKIM nafasi ikiingia katikati ya ufunguo inavumiliwa. Kwa SPF ni kinyume: kama kipande cha kwanza kinaisha na `include:example.org` na cha pili kinaanza na `ip4:`, vinashikana vinakuwa neno moja lenye halieleweki. Pale acha nafasi ndani ya nukuu, mwisho wa kipande cha kwanza.