Kutengeneza Wastani wa Hull kwenye Lahajedwali

Haya, fungua lahajedwali. Safu B, kuanzia B2, weka bei za kufunga, ya zamani juu, mpya chini. Kichwa kwenye B1, hilo unalijua.

Leo tunatengeneza wastani wa Hull wa siku 16, mstari laini unaofuata bei kwa kuchelewa kidogo, uliobuniwa na Alan Hull wa Australia. Malighafi yake ni wastani wenye uzito: bei ya leo inazidishwa kwa 16, ya jana kwa 15, hadi ya zamani kabisa kwa 1. Jumla ya uzito ni 136, ndiyo tunayogawanyia.

Safu K, kuanzia K1, andika uzito: 1 hadi 16 kushuka chini. Subiri, rudi hapo! 1 ikae JUU, kwenye K1, maana ndiyo inayozidisha bei ya zamani. Ukigeuza, fomula itakubali bila kulalamika na mstari utachelewa maradufu.

Sasa andika hizi:

```
C17: =SUMPRODUCT(B2:B17,$K$1:$K$16)/136
D17: =SUMPRODUCT(B10:B17,$K$1:$K$8)/36
E17: =2*D17-C17
F20: =SUMPRODUCT(E17:E20,$K$1:$K$4)/10
```

Kisha buruta kila fomula chini. Alama za dola usiziache, la sivyo ukiburuta, uzito nao unahama. Safu F inaanza mstari wa 20 kwa sababu inahitaji thamani nne za E.

Kabla ya bei halisi, jaza B kwa 1, 2, 3 na kuendelea. C17 isome 11, maana bei ni 16 na wastani umechelewa siku 5. Ukiona 6, uzito umegeuka. Narudia: 6 maana yake K iko kichwa chini. F20 isome 18.33 wakati bei ni 19.

Siku 5 zimeenda wapi? Wastani wa 8 unachelewa siku 2.33. Ukiuzidisha kwa mbili na kutoa ule wa 16, tofauti yao inausogeza mbele kiasi kwamba E inatangulia bei kwa theluthi ya siku. Lakini E ina kelele, ndiyo maana F inailainisha kwa siku 4, mzizi wa 16, na kurudisha siku moja tu.

Hapa watu huuza maneno matamu. Kwenye bei zinazoruka ovyo, F inabakiza takriban asilimia 49 ya mtikisiko. Wastani wa uzito wa 16 unabakiza 28. Linganisha kwa haki: wastani wa uzito wa siku 3 unachelewa sawa na F, na unabakiza 62. Faida ipo hapo.

Gharama yake? Weka 100 kwenye mistari 30, kisha 110. Siku ya nane ya 110, F inafika 112.5. Ni uzito hasi wa bei za zamani unaopitiliza. Kwa hiyo usiusome mstari huu kama bei. Mimi ninaangalia mwelekeo wake tu, na kwenye mruko mkubwa nasubiri uingie tena kwenye bei.