Sentensi Moja na Picha Yake: Kukagua Skripti ya Uchunguzi Kabla Haijarushwa

(Mhadhara kwa waandaaji wa vipindi, Mbeya)

Ndugu wanahabari, asanteni kwa kufika. Leo tutafuata mfano mmoja tu wa kutunga, tangu mwanzo hadi siku ya kurusha.

Wakulima wa mpunga wa Mbarali wanalalamika kwamba mifuko ya mbolea ya kilo 50 inayouzwa katika duka moja la Mwanjelwa haifiki uzito. Mwandishi ananunua mifuko 6, anaipima, na 4 inakutwa na upungufu wa kilo 3 hadi 5. Kwenye skripti anaandika: "Kwa miaka miwili wakala huyu amekuwa akiwaibia wakulima."

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kifungu cha 35, inatazama kama maneno yanaweza kumfanya mtu achukiwe, adharauliwe au adhihakiwe, au yanaweza kumharibia kazi na biashara yake. Kinachopimwa ni kile ambacho mtazamaji wa kawaida ataelewa, hata kama wewe ulikusudia kitu kingine. Kwa hiyo kwanza jiulize: sentensi hii inasema mtu ametenda kosa, au kuna sababu nzuri ya kumshuku, au kuna jambo linalostahili kuchunguzwa? Ni ngazi tatu tofauti, na kila moja inadai ushahidi wake. "Amekuwa akiwaibia" iko ngazi ya juu kabisa.

Sasa rudi kwenye ushahidi. Mifuko sita ilinunuliwa kwa siku moja, kwa hiyo "miaka miwili" imesimama juu ya maneno ya wakulima peke yake. Wala msidhani kumweka mkulima mbele ya kamera aseme "yule ni mwizi" kunawaokoa. Anayerusha tuhuma ya mwingine anaibeba kama yake. Neno "kuiba" nalo linahitaji uthibitisho kwamba yeye ndiye aliyepunguza, na kwa makusudi. Mfuko ungeweza kupungua kiwandani, ghalani au njiani. Je, uzi wa mshono ulikuwa wa kiwanda au ulishonwa upya? Mizani ilikuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo ambao haujapitwa na wakati? Stakabadhi zinataja duka hilo? Yote yakijibika vizuri, sentensi inayosimama ni hii: "Tulinunua mifuko 6 katika duka hili. Minne kati yake ilikuwa pungufu kwa kilo 3 hadi 5." Ni kali vya kutosha, na kila neno lina karatasi nyuma yake.

Skripti ikaguliwe kwa safu mbili, maneno upande mmoja na picha upande wa pili, maana mara nyingi kashfa huzaliwa pale safu hizi zinapokutana. Msimulizi anasema "wafanyabiashara wasio waaminifu," bila jina, huku picha ikionyesha mlango wa duka. Hapo umemtaja. Kufifisha kibao hakutoshi kama rangi ya milango inaonekana, kwa sababu watu wa Mwanjelwa watalitambua duka kabla sentensi haijaisha. Na yule kijana mpakiaji aliyepita na mfuko begani wakati neno "wizi" linatamkwa, yeye amehusikaje? Ikague makala mara moja bila sauti, uandike kila uso na kila jengo linaloonekana.

Kisha barua kwa mhusika. Hapa ndipo wengi wanateleza. "Tunaomba maoni yako kuhusu biashara ya mbolea" haimpi mtu nafasi ya kujitetea, kwa kuwa hajui anatuhumiwa nini. Mweleze kila tuhuma: tarehe ya ununuzi, idadi ya mifuko, upungufu uliokutwa, na nini makala itasema. Skripti yenyewe usimpe. Mpe siku za kazi za kutosha kutafuta nyaraka zake. Kwa jambo kama hili, siku saba ni muda wa haki. Barua ipelekwe kwa mkono na isainiwe kwenye kitabu cha dispachi.

Tuseme anajibu kwamba aliipokea mifuko ikiwa hivyo kutoka kwa msambazaji, na anaambatisha hati za kupokelea mzigo. Jibu hilo linabadilisha makala. Liwekwe palepale tuhuma inapotajwa, si mwishoni majina ya waandaaji yanapopita. Na sasa msambazaji ni mtuhumiwa mpya, naye anastahili barua yake. Asipojibu, andika "hakujibu hadi tunaenda hewani." "Alikataa kuzungumza" ni kwa aliyekataa kweli. Kama barua haikumfikia, sema hukumpata.

Mhariri akiongeza tuhuma baada ya barua kutoka, tuhuma hiyo haijajibiwa na mtu. Basi kila toleo jipya lilinganishwe na barua, mstari kwa mstari. Tangazo la kipindi nalo lipite njia hiyohiyo. Sekunde 30 zenye maandishi "WEZI WA MBOLEA MWANJELWA" juu ya picha ya lile duka zinarudisha tuhuma ile ile mliyoiondoa kwenye skripti, na zitarushwa mara nyingi kuliko makala yenyewe.