Kupima ukungu wa mwendo kabla ya kuutia

Ndugu zangu, ukipachika gari lililoundwa kwa kompyuta katikati ya magari halisi yanayokwenda, mtazamaji atalishtukia mara moja likiwa na kingo kali kuliko wenzake, hata kama rangi na kivuli vimekaa sawasawa. Wengi hapo huongeza ukungu wa mwendo, yaani ule mfifio wa kitu kinachokwenda, kidogo kidogo mpaka waridhike. Nawasihi msikisie, jibu limo ndani ya video yenyewe.

Tafuteni gari halisi linalopita njia ileile, umbali uleule, kisha chagueni kitu kidogo kinachong'aa, kama taa ya nyuma. Simamisheni fremu moja, kuzeni picha mpaka pikseli zionekane. Tuseme taa imeacha mchirizi wa pikseli 26, na bila mwendo ingekuwa na upana wa pikseli 6. Basi mwendo ni pikseli 20. Nendeni fremu inayofuata mpime mchirizi umehama kiasi gani: tuseme 40. Gawanyeni 20 kwa 40, mpate nusu. Maana yake shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, ilikuwa wazi nusu ya muda wa fremu; kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni 1/50 ya sekunde. Katika programu ya Blender, washeni `Motion Blur`, na kwenye `Shutter` andikeni 0.5. Video ya simu iliyopigwa juani yaweza kuwapa 0.1 au chini yake, na hapo ukungu mwingi ndio utakaowaumbua.

Pana mpangilio wa `Position` pia, ambao wengi huupita. Mkifuatilia mwendo kwa kushika katikati ya mchirizi, wekeni `Center on Frame`. Mkiweka `Start on Frame`, gari letu litakuwa mbele kwa pikseli 10, nusu ya zile 20, kwa kuwa ukungu huanzia kwenye fremu badala ya kuizunguka. Likipunguza mwendo pengo hilo nalo hupungua, na matairi huonekana yakiteleza juu ya lami.

Kuhusu matairi, kuna jambo ninalolipenda sana. Tairi linaloviringika, pale linapogusa lami, kwa nukta hiyo limetulia kabisa. Juu yake linakwenda mara mbili ya mwendo wa gari. Kwa hiyo kamera ikiwa imetulia, picha halisi huonyesha chini ya tairi pakiwa pakali na juu pakiwa pamefutika. Chujio la ukungu mnyoofu likipitishwa juu ya picha iliyokwisha kurendwa, yaani kutolewa na programu, hufuta kote sawa, na gari huonekana linaelea. Ndiyo maana nasisitiza magurudumu yazungushwe kweli ndani ya tukio, na ukungu urendwe pamoja na kivuli cha gari.

Mwisho ni taa. Mwanga wa taa halisi ni mkali mara nyingi zaidi ya nyeupe ya skrini, kwa hiyo hata mwanga wake ukitawanywa kwenye mchirizi mrefu, mchirizi hubaki mweupe. Mkiona mchirizi wa taa yenu umekuwa wa kijivu, ongezeni nguvu ya taa kabla ya kurenda, na hifadhini katika faili la aina ya EXR, ambalo halikati mwanga uliozidi nyeupe.